Nyuma ya ile 6.7: kusoma nyota na alama za watazamaji bila kuvutwa na kura chache za kingoni

Anayechagua filamu ya Jumamosi jioni kwa ukumbi mdogo wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, ana muda mfupi wa kuamua. Mega zimenunuliwa kwa hesabu, filamu moja yenye picha safi inaweza kula giga mbili, na watu waliolipa kiingilio wakaona kitu kibovu hawarudi Jumamosi inayofuata. Basi anafungua simu, anakuta alama 6.7, anateremka kwenye maoni. La kwanza linasema hii ndiyo filamu bora kuliko zote alizowahi kuona mwandishi wake. La pili linasema ni takataka tupu, nyota moja, na hata hiyo moja ni kwa sababu hakuna sifuri. Akimaliza kuyasoma yote mawili, hajui zaidi ya alivyojua mwanzo.

Tatizo haliko kwenye 6.7 yenyewe. Namba ile ni watu 120 waliobanwa ndani ya tarakimu mbili, na kubanwa huko kumeficha kile hasa anachotaka kujua. Hatua zilizo hapa chini zinaifungua. Zinahitaji kikokotoo cha simu na kama dakika kumi kwa filamu moja. Ukizizoea, dakika tatu.

Kwanza ujue namba inapima nini

Hapa ndipo wengi wanapokosea kabla hata ya kufika kwenye kura za hasira. Alama mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa majibu ya maswali tofauti kabisa.

IMDb, tovuti ya habari za filamu, inauliza kila mtu atoe alama kuanzia 1 hadi 10, kisha inatoa wastani. Wastani huo si wa kujumlisha na kugawanya tu. IMDb yenyewe inasema kwamba inazipa kura uzito tofauti, na kwamba njia kamili haiweki wazi, ili wanaotaka kuichezea wasijue pa kuingilia. Kwa hiyo ukifanya hesabu yako kwa kura unazoziona na ukapata tofauti ndogo na namba ya juu, usidhani umekosea.

Rotten Tomatoes, tovuti nyingine ya filamu, inafanya kitu kingine. Asilimia ya watazamaji, ambayo tangu 2024 inaitwa Popcornmeter, haisemi filamu imepata alama ngapi. Inasema ni watu wangapi katika kila mia waliotoa nyota 3.5 au zaidi kati ya 5. Ile ya wahakiki, Tomatometer, nayo ni idadi ya wahakiki walioipenda katika kila mia, si kiasi walichoipenda.

Chukua filamu ambayo kila mtu ameipa nyota 3.5, yaani "si mbaya, inapita". Asilimia yake ni 100. Chukua nyingine ambayo watu 80 wameipa nyota 5 na watu 20 nyota 1. Asilimia yake ni 80. Ya kwanza haikumgusa mtu. Ya pili inawezekana ndiyo watu wataizungumzia wiki nzima. Anayesoma 100 na 80 kama alama za mtihani wa shule atachagua ile isiyomkera wala kumfurahisha mtu. Hilo si kosa kama ndicho unachotaka, kwa mfano kwenye sherehe ya familia yenye wazee na watoto pamoja. Lakini uchague ukijua.

Asilimia ya namna hii ina faida moja kwa habari yetu: mwenye hasira hawezi kuivuta kuliko mwingine. Aliyetoa nusu nyota na aliyetoa nyota 3 wanahesabiwa sawa, wote ni "hapana" moja. Kwenye wastani, mtu wa kura ya 1 anavuta kwa nguvu nyingi kuliko mtu wa kura ya 5. Ndiyo maana kura za kingoni, yaani zile za juu kabisa na za chini kabisa, zinaharibu zaidi namba za IMDb na nyota za Google kuliko asilimia za Rotten Tomatoes.

Fungua mistari

Kwenye IMDb gusa nyota ya alama, au kwenye anwani ya filamu, baada ya ile namba inayoanza na `tt`, ongeza hivi:

```
/ratings
```

Utaona mistari kumi, kuanzia 10 hadi 1, na kwenye kila mstari idadi ya kura na asilimia yake. Kwa filamu kubwa idadi imekatwa kwa maelfu, lakini kwa filamu ndogo unaiona kura kwa kura. Google nayo ina mistari mitano kando ya nyota. Usisome neno hata moja la maoni kabla ya kuitazama mistari hii.

Umbo la mistari linasema mengi kuliko namba. Ukiona kilima, yaani mistari mirefu kwenye 6, 7 na 8 na mifupi pembeni, watazamaji kwa sehemu kubwa wamekubaliana, na wastani unaweza kuuamini karibu ulivyo. Ukiona mteremko, mrefu kwenye 10 na unapungua taratibu kwenda chini, filamu imependwa. Ukiona pembe mbili, mrefu kwenye 10, mrefu kwenye 1, na katikati bonde, hapo wastani hauelezi mtu yeyote. Filamu yenye 5.5 ya namna hiyo huenda haina mtazamaji hata mmoja aliyeiona kuwa ya kiasi cha 5 au 6.

Lipo umbo la nne, nalo ndilo la kawaida zaidi kwa filamu zenye kura chache: kilima cha kweli katikati, kikiwa na vijiti viwili vilivyosimama peke yake kwenye 10 na kwenye 1. Kilima ni watazamaji. Vijiti ni mchanganyiko: wamo walioipenda au kuichukia kwa dhati, na wamo waliokuja na shabaha nyingine. Kinachokuonyesha ni ule mstari wa jirani. Filamu iliyochukiwa kweli ina kura kwenye 2, 3 na 4 pia, kwa sababu hasira ya kweli ina ngazi. Ikiwa kura za 1 ni ishirini na zaidi na za 2 hakuna hata moja, wengi wa hao ishirini hawakuwa wakiipima filamu. Walikuwa wakiisukuma chini. Na juu ni vilevile: 10 nyingi na 9 chache mno ni dalili ya watu waliokuja kusukuma, ingawa hapa uwe mpole zaidi, maana wapo wengi ambao wakifurahi hutoa 10 moja kwa moja bila kufikiria 9.

Filamu moja, hesabu tatu

Tuichukue ile filamu ya 6.7. Hii ni mfano wa kufanyia hesabu, lakini mistari ya namna hii utaikuta kila siku. Kura ni 120, zimegawanyika hivi: 10 zimetolewa na watu 31, 9 na watu 8, 8 na watu 17, 7 na watu 22, 6 na watu 12, 5 na watu 5, 4 na watu 2, 3 na mtu 1, 2 hakuna, 1 watu 22.

Kabla ya kikokotoo, macho yameshaona: 22, halafu sifuri, halafu moja, halafu mbili. Kijiti cha chini kimesimama peke yake.

Hesabu ya kwanza ni wastani wa kawaida. Zidisha kila alama kwa watu wake, jumlisha, gawanya kwa 120. Jumla inakuja 802, na 802 kugawanya kwa 120 ni 6.68. Ndiyo hiyo 6.7.

Hesabu ya pili ni kura ya katikati. Fikiria watu wote 120 wamepangwa mstari kuanzia aliyetoa alama ya juu hadi ya chini. Unamtafuta aliyesimama katikati, yaani wa 60 na wa 61. Anza kuhesabu kutoka juu: 31, ukiongeza 8 unafika 39, ukiongeza 17 unafika 56, ukiongeza 22 unafika 78. Mtu wa 60 na wa 61 wako ndani ya kundi la mwisho, la waliotoa 7. Kura ya katikati ni 7. Uzuri wake ni kwamba haijali mtu wa pembeni amepiga kelele kiasi gani. Wale 22 wa kura ya 1 wangetoa 4 badala ya 1, mtu wa katikati angebaki palepale.

Hesabu ya tatu ni kuweka kando kingo zote mbili. Ondoa za 10 zote na za 1 zote. Zinabaki kura 67, jumla yake 470, wastani wake 7.01.

Hesabu mbili za mwisho zimekutana kwenye 7, na hapo ndipo penye imani. Filamu hii, kwa watu walioipima, ni ya 7. Kura za kingoni zimeishusha kidogo tu, kwa sababu zile za juu na za chini zilikuwa zikivutana.

Hapa kuna mtego ambao hata watu makini huingia. Wakishaona kura za 1 zinatia shaka, wanaziondoa hizo peke yake. Jaribu: ukiondoa zile 22 za chini tu, zinabaki kura 98, na wastani unaruka hadi 7.96. Sasa filamu ya 7 imekuwa ya 8. Ukiondoa za 10 tu, unaanguka hadi 5.53. Namba zilezile, na kila mmoja anaweza kupata jibu alilolitaka tangu mwanzo kwa kuchagua upande wa kufuta. Ukikata, kata pande zote mbili. La sivyo acha kabisa na utumie kura ya katikati.

Na kama ungependa kuilinganisha na asilimia ya Rotten Tomatoes, nyota 3.5 kati ya 5 ni sawa na 7 kati ya 10. Waliotoa 7 au zaidi ni 78 kati ya 120, yaani asilimia 65. Hivyo watazamaji walewale, kwa filamu ileile, wanaweza kuandikwa 6.7, au 7, au 65, na hakuna hata moja iliyo ya uongo.

Kura ni ngapi?

Hii inastahili kupewa nafasi, kwa sababu filamu zetu nyingi, zilizopigwa hapa Lubumbashi, Goma au Bukavu, huwa na kura arobaini, kumi na tano, hata tisa. Waliopiga kura za kwanza mara nyingi ni waigizaji, marafiki zao na ndugu. Hakuna ubaya ndani yake. Nani asiyempongeza mtoto wa dada yake? Lakini namba inayotoka hapo haiwezi kulinganishwa na ya filamu iliyopimwa na maelfu.

Weka filamu mbili mezani. Ya kwanza ina kura 9, jumla 83, wastani 9.2. Ya pili ina kura 2,400, wastani 7.6. Sasa waingie watu wawili wenye kinyongo, kila mmoja atoe 1 kwa kila filamu. Ya kwanza inakuwa na kura 11 na jumla 85: imeanguka hadi 7.7. Ya pili inabaki 7.6, hata tarakimu ya pili haikutikisika. Filamu ambayo watu wawili wanaweza kuishusha alama moja na nusu kwa jioni moja bado haijawa na alama. Ina salamu za kwanza tu.

Njia ya kurekebisha ni ya zamani na ni rahisi: ipe kila filamu kura 20 za kubuni, zote zikiwa za filamu ya kawaida, kisha uhesabu upya. Kwa alama ya kawaida tumia 6.5. Hiyo 6.5 ni kadirio la kufanyia kazi. Ukifuata aina moja tu ya filamu, weka wastani unaouona mara kwa mara kwa aina hiyo.

```
(kura × wastani + 20 × 6.5) / (kura + 20)
```

Filamu ya kwanza: 83 ukiongeza 130 ni 213, gawanya kwa 29, unapata 7.3. Ya pili: 18,240 ukiongeza 130 ni 18,370, gawanya kwa 2,420, unapata 7.6. Iliyokuwa nyuma sasa iko mbele. Kura za kubuni zimeimeza ile yenye watu tisa, lakini yenye watu elfu mbili hazikuigusa. Filamu ndogo ikiendelea kupata 9 kutoka kwa watu mia wengine, itapanda yenyewe kwenye hesabu hii bila kupendelewa. IMDb imetumia wazo hilohilo kwa orodha yake ya filamu 250 bora, ila kwa uzito mkubwa mno: kwenye fomula waliyoitangaza, kiasi cha kura kilichowekwa ni 25,000. Kwa uchaguzi wa Jumamosi, 20 zinatosha.

Usitumie hesabu hii kuikataa filamu ya nyumbani. Inakuambia tu kwamba namba yake bado haisemi kitu, kwa hiyo njia ya kuijua ni kuitazama dakika kumi na tano za mwanzo, si kuitupa.

Soma maoni kuanzia katikati

Sasa ndiyo zamu ya maneno. Kurasa nyingi hukuwekea juu maoni yaliyopendwa au kubishaniwa zaidi, na hayo karibu daima ni ya kingoni, kwa kuwa sifa kali na matusi ndivyo vinavyosomwa. Geuza mpangilio. IMDb inakuruhusu kuchuja maoni kwa alama. Anza na ya 6 na 7, kisha ya 5, matano au sita yanatosha. Kwa nyota tano, anza na za 3.

Aliyetoa 6 ana tabia moja ya thamani: analazimika kueleza pande zote mbili. Atakuambia hadithi inaanza polepole, kwamba waigizaji wawili wakuu wanaibeba, kwamba mwisho umeharakishwa. Aliyetoa 10 anakuambia furaha yake. Aliyetoa 1 anakuambia hasira yake. Ukishasoma sita za katikati, andika kwenye karatasi mambo yaliyotajwa zaidi ya mara moja. Tuseme umeandika: "sauti inapotea kwenye mazungumzo", "mwanzo mzito", "picha nzuri".

Kisha, na ni baada ya hapo tu, nenda kwenye za 1 na za 10, ukiwa na karatasi mkononi. Usitafute nani ana hasira zaidi. Tafuta malalamiko yanayogusa kile ulichokwisha kuandika. Ikiwa watu wawili wa kura ya 1 wanalalamikia sauti, na watu wawili wa kura ya 6 nao wameitaja, basi sauti ni mbovu kweli, na kwenye ukumbi wenye spika mbili na jenereta inayonguruma nje utaumia. Mtu wa hasira hapo amesema ukweli, na ungemtupa kwa sababu ya nyota yake ungeukosa. Kura ya kingoni si ya uongo kwa kuwa iko kingoni. Inahitaji shahidi tu, na shahidi bora ni mtu wa katikati.

Mengine ya kura ya 1 hayahusu filamu kabisa: sahani ya DVD ilifika imevunjika, manukuu hayakuwepo kwa lugha fulani, filamu haikufunguka kwenye simu, kampuni ya usambazaji ilichelewa, mwigizaji alisema neno kwenye siasa. Yaweke kando bila kusita, isipokuwa lile linalokugusa wewe. Kama ukumbi wako hausomi Kiingereza na malalamiko ni kwamba hakuna manukuu ya Kifaransa, hiyo nyota moja ina maana kwako kuliko 10 zote.

Zilizomiminwa kwa siku moja

Panga maoni kwa tarehe. Kura za kweli huja kama mvua ya msimu: nyingi filamu inapotoka, kisha zinapungua, zinaongezeka tena kidogo ikiingia kwenye huduma ya kutazama mtandaoni. Kura za kampeni huja kama ndoo iliyomwagwa. Ukikuta maoni kumi na tano ya nyota moja ndani ya siku mbili au tatu, na miezi kabla na baada yake hamna kitu, jiulize kilitokea nini siku zile. Mara nyingi ni ugomvi wa mtandaoni ambao hauhusiani na kilichomo ndani ya filamu.

Gusa majina ya waandishi watatu au wanne wa maoni hayo. Akaunti yenye oni moja tu tangu ifunguliwe haitoshi kuwa ushahidi, kila mtu alianza na moja. Lakini akaunti nne kati ya nne zenye oni moja, za siku ileile, zenye maneno yanayofanana, hizo ni za mkono mmoja au wa kundi moja. Upime vivyo hivyo upande wa 10, kwa sababu sifa za kupangwa nazo zipo, na hazitushtui.

Tovuti zenyewe zinajua. Rotten Tomatoes mwaka 2019 iliacha kupokea maoni ya watazamaji kabla ya filamu kutoka, na mwaka huohuo ikaanza kutenga alama za watu waliothibitishwa kununua tiketi. Kwa filamu nyingi za Afrika alama hiyo ya tiketi haipo, maana inategemea mauzo ya tiketi ya Marekani. Unachoona ni ya watazamaji wote, na tahadhari ibaki juu. IMDb nayo ikigundua upigaji kura usio wa kawaida hubadilisha njia ya hesabu na kuweka ujumbe mfupi kwenye ukurasa wa alama. Ukiuona ujumbe huo, iache namba ya juu na ufanye kazi na kura ya katikati.

Nyota tano za Google, kwa mfano wa chumba cha kulala

Hatua hizi zinafanya kazi pia kwa mgeni wa filamu yako unayemtafutia nyumba ya wageni kartie ya Golf, ila zina mabadiliko mawili.

La kwanza, kwa nyota tano hakuna nafasi kubwa ya kucheza. Sehemu ina maoni 14: nyota 5 zimetolewa na watu 10, nyota 4 na mtu 1, nyota 1 na watu 3. Jumla 57, wastani 4.1. Kura ya katikati ni 5, na ukikata kingo zote mbili unabaki na mtu mmoja. Kukata kingo hakufai hapa, kura ya katikati nayo haisemi kitu. Kwenye idadi ndogo yenye pembe mbili, kilichobaki ni maneno na tarehe.

La pili, chumba si filamu. Filamu haibadiliki baada ya kutoka. Nyumba ya wageni inabadilisha mwenye nyumba, pampu ya maji, mlinzi. Oni la miaka minne iliyopita, la sifa au la lawama, linaelezea nyumba nyingine. Panga kuanzia mapya, soma ya mwaka mmoja wa karibuni kwanza, na kama kati ya yale maoni matatu ya nyota moja, mawili ni ya miezi ya karibuni na yote mawili yanataja maji kukatika asubuhi, basi 4.1 ni ya nyumba ya zamani na maji ndiyo habari ya leo. Ikiwa yote matatu ni ya zamani, na walioandika baadaye wanayataja maji kuwa yapo, tatizo limeshatengenezwa.

Malalamiko ya usalama hayapimwi kwa hesabu hizi. Mtu mmoja akiandika kwamba mlango wa chumba haufungwi kwa ndani, au kwamba vitu viliibwa chumbani, usimtafutie shahidi wa nyota 3. Piga simu mapokezi, uliza kuhusu kufuli kwa maneno hayohayo, na usikilize kama wanajibu moja kwa moja au wanazunguka.

Kurudi kwenye Jumamosi

Karatasi ya mchaguzi wa komini ya Kenya sasa ina mistari minne. Kura 120, umbo la kilima lenye vijiti viwili, katikati 7. Kwa fomula ya kura 20, wastani wa 6.68 unakuwa 6.66, hivyo idadi inatosha na namba haikimbii. Waliotoa 6 wametaja sauti mara mbili, mwanzo mzito mara tatu, picha nzuri mara nne. Kura za 1, kati ya zile chache zilizoambatana na maneno, nyingi ni za siku mbili zilezile na hazitaji hata tukio moja la ndani ya filamu. Mbili za tarehe nyingine zinalalamikia sauti.

Kwa hiyo kinachobaki kuamuliwa si kama filamu ni nzuri. Ni ya 7, watu wengi wataridhika. Kinachoamuliwa ni sauti. Apakue kwanza klipu ya matangazo, ambayo ni mega chache, aichomeke kwenye spika za ukumbi mchana, jenereta ikiwa imewashwa, aketi mstari wa nyuma. Akiyasikia mazungumzo, anunue giga zilizobaki. Asipoyasikia, atafute yenye manukuu ya Kifaransa au achukue ile ya kura 2,400.